Somo: Kinyume na kipeo cha 10 kutoka kwenye polinomia bainifu

Wenzangu wa darasa la marudio hapa Kisumu, matriksi hii iliwatatiza wengi kwa sababu haiwezi kugeuzwa kuwa ya mshazari. Wala haina haja.

```
A = [  3  1 ]
    [ -1  1 ]
```

Hatua ya 1: polinomia. Kwa 2×2 tunataka namba mbili tu: jumla ya mshazari mkuu, 3 + 1 = 4, na determinanti, 3 + 1 = 4 (angalieni ile hasi ya chini). Jumla ya mshazari huingia na alama ya kutoa: λ² − 4λ + 4, yaani (λ − 2)². Nadharia ya Cayley na Hamilton inasema A yenyewe inautii mlinganyo huo:

A² − 4A + 4I = 0

Msiisahau I. Namba tupu haijumlishwi na matriksi.

Hatua ya 2: kinyume. Hamisha: 4A − A² = 4I, yaani A(4I − A) = 4I. Basi kinyume ni (4I − A)/4:

```
1/4 · [ 1 -1 ]
      [ 1  3 ]
```

Hatua ya 3: A¹⁰. Gawanya λ¹⁰ kwa (λ − 2)². Hatuhitaji jibu la mgawanyo, tunataka baki tu, na baki ni aλ + b. Weka λ = 2: 1024 = 2a + b. Mlinganyo mmoja, visivyojulikana viwili, na hapa ndipo watu hukwama kwa kuwa λ ya pili ni ileile 2. Dawa yake ni derivativu. Kwa kuwa (λ − 2) imejirudia mara mbili, sehemu iliyogawanyika inabaki sifuri pale λ = 2 hata baada ya derivativu. Tunapata 10·2⁹ = a, yaani a = 5120, na b = −9216.

A¹⁰ = 5120A − 9216I:

```
[  6144   5120 ]
[ -5120  -4096 ]
```

Hakikisha: determinanti yake lazima iwe 4¹⁰ = 1048576. Piga hesabu, inatoka.

Maswali

*Kutoka Bungoma:* Mwalimu, determinanti ikiwa 0 je?

Polinomia inakosa namba ya mwisho, kwa hiyo hakuna kinyume. Lakini vipeo vinakuwa rahisi zaidi: A² = tA, t ikiwa jumla ya mshazari, hivyo Aⁿ = tⁿ⁻¹A.

*Kutoka Kakamega:* Si tuweke tu A mahali pa λ katika det(A − λI), tupate det(0) = 0, nadharia iwe imethibitika?

Hapana, ndugu yangu. det(0) ni namba, ilhali p(A) ni matriksi. Cayley mwenyewe alipoitangaza mwaka 1858 aliikagua kwa matriksi ndogo tu. Uthibitisho wa jumla ulitolewa na Frobenius mwaka 1878.

*Kutoka Nakuru:* Na 3×3?

Njia ni ileile, ila baki ni aλ² + bλ + c, kwa hiyo unatafuta milinganyo mitatu.