Dar hadi Njombe mwezi Februari: namna ya kupanga safari ya joto, Kitonga, ukungu na mvua

Mwongozo huu ni wa mwenye gari dogo anayetoka Dar es Salaam kuja Nyanda za Juu Kusini na watu wa nyumbani. Nimechagua Februari kwa makusudi. Huo ndio mwezi ambao Dar ni jua kali na vumbi, na huku kwetu mvua ya mchana ni jambo la kawaida. Kwa mfano tuchukue familia ya Kimara inayokwenda Njombe kupeleka mahari: mama, bibi, mtoto mchanga na mjomba anayeendesha. Wanatakiwa kuwa ukweni Jumamosi saa 8 mchana, nguo zao zikiwa safi.

Hatua ya 1: Andika safari kwa mwinuko, siyo kwa kilometa tu

Watu huuliza "ni kilometa ngapi?" na wakipata jibu wanaridhika. Kutoka Dar hadi Njombe ni kama kilometa 710, lakini namba hiyo haikuambii uvae nini. Chukua karatasi uandike vituo, na mbele ya kila kimoja uandike kiko meta ngapi juu ya bahari. Dar ni kama sifuri. Morogoro na Ruaha Mbuyuni ni takriban 500. Iringa mjini ni karibu 1600, Mafinga karibu 1900, Makambako karibu 1700, na Njombe inakaribia 2000.

Kisha tumia kanuni hii: kila unapopanda meta 1000, hewa hupoa kwa digrii 6 hivi. Kama Dar mchana ni digrii 32, Njombe tegemea kama 20. Hayo ni ya mchana wenye jua. Mvua ikinyesha saa 10 jioni, toa digrii nyingine kadhaa, na hapo aliyevaa kanzu nyepesi ya Kariakoo anaanza kutetemeka.

Kanuni hii ina sehemu moja ya kuiangalia vizuri, nayo ni Ruaha Mbuyuni. Watu wanadhani kadiri unavyoiacha Dar ndivyo baridi inavyoongezeka. Hapana. Pale ni bondeni, penye mibuyu na ukame, na saa 6 mchana joto lake linaweza kulizidi la Dar. Ukitoka hapo unaanza kupanda mlima wa Kitonga wenye kona kali, na ndani ya muda mfupi uko Ilula, hewa imebadilika kabisa. Anayeendelea hadi Mbeya ana shimo la pili la namna hiyo: baada ya Makambako barabara inashuka kwenye bonde la Usangu, Igawa hadi Chimala, joto linarudi, halafu unapanda tena kuelekea Uyole.

Hatua ya 2: Jua unahama kalenda ya mvua

Pwani ina mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, na za masika, Machi hadi Mei. Katikati kuna kipindi cha jua, na Februari imo humo. Huku juu hatuna vuli wala masika. Tuna mvua za msimu, zinaanza Novemba na kuisha Aprili, na Februari iko katikati yake. Kwa hiyo kuangalia mawingu ya Kimara asubuhi ya safari hakukusaidii lolote kuhusu Njombe.

Hata huku juu mvua hailingani. Milima ya Udzungwa inakinga unyevu unaotoka baharini, kwa hiyo Mbuyuni na Iringa mjini hupata mvua kidogo kuliko Mufindi, ilipo Mafinga, na Njombe. Hili ndilo linaloamua mahali pa kulala, kama utakavyoona.

Hatua ya 3: Panga saa za kupita, halafu ndipo upange saa ya kuondoka

Mvua ya msimu ina tabia yake. Jua la asubuhi linapasha ardhi, hewa yenye unyevu inapanda, mawingu yanajengeka kuanzia saa 6 mchana, na mvua yenye radi inashuka kati ya saa 8 na saa 12 jioni. Siyo kila siku, lakini ni mara nyingi vya kutosha kuipangia safari. Kwa upande mwingine, ukungu hukaa alfajiri hadi karibu saa 2 asubuhi, hasa kipande cha Mafinga kwenda Nyororo na Makambako. Kati ya ukungu na mvua kuna dirisha la saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Nyanda za juu zipite ndani ya dirisha hilo.

Sasa tuwapigie hesabu watu wetu. Wakitaka kwenda siku moja, hata wakiondoka saa 10 alfajiri, Iringa wanafika kwenye saa 8 mchana. Kilometa kama 210 zilizobaki wanazianza saa ileile mvua inaposhuka, dereva akiwa amechoka, na malori yanarusha matope kwenye kioo. Wanaingia Njombe gizani. Kwa Februari siwashauri. Julai ningesema sawa.

Mpango ninaowapa ni huu. Ijumaa waondoke Kimara saa 10:30 alfajiri, kabla ya foleni. Morogoro wafike karibu saa 2 asubuhi, wanywe chai. Hifadhi ya Mikumi waipite kwa mwendo ulioandikwa kwenye vibao, wasijaribu kufidia muda hapo, maana wanyama wanakatiza barabara. Mbuyuni wawe saa 6 mchana, Kitonga kabla ya saa 7, Iringa saa 8. Walale Iringa, kwa sababu ndiko kwenye uwezekano mdogo wa mvua kuliko Mafinga, na nguo za mahari zinalala kavu.

Jumamosi ndipo wengi wanapokosea. Mazoea ya pwani yanawaambia "tuwahi kutoka saa 11 alfajiri." Ukitoka saa hiyo Iringa, unaukuta ukungu wa Mafinga ukiwa mzito. Watoke saa 2 asubuhi. Mafinga watakuwa saa 3:30, Makambako karibu saa 5, Njombe saa 6 mchana. Wana saa mbili za kuoga, kula na kuvaa.

Muda wa akiba uweke mbele ya Kitonga, siyo mwisho wa safari. Lori likikwama kwenye kona, foleni inasimama pande zote mbili, na mvua kubwa inaweza kushusha mawe na udongo barabarani. Nunua maji na chakula cha kutosha Mikumi au Mbuyuni, ili ukisimamishwa mlimani na mtoto mchanga usiwe unategemea duka.

Hatua ya 4: Soma utabiri kama msafiri

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kwa kanda. Wewe unahitaji kanda zaidi ya moja: Dar na Pwani, Morogoro, na ile ya nyanda za juu kusini magharibi yenye Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na Rukwa. Angalia jioni ya kabla ya safari, na tena usiku ukiwa Iringa.

Maneno ya kuyasoma kwa makini ni "mvua na ngurumo katika maeneo machache." Mkazi wa Njombe akiyasikia anaweza kwenda shambani na asilowe, kwa sababu yeye yuko mahali pamoja. Wewe unakata kilometa 200 ndani ya kanda hiyo. Uwezekano wa kukutana na angalau eneo moja kati ya hayo machache ni mkubwa. Likitolewa angalizo au tahadhari ya mvua kubwa kwa kanda hiyo, ahirisha kipande cha juu, hata kama Iringa jua linawaka.

Kama shughuli iko kijijini nje ya lami, mpigie mwenyeji asubuhi ileile umuulize swali moja: "Mwalimu, usiku imenyesha?" Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni, na gari dogo halifiki. Jibu likiwa ndiyo, acha gari barabara kubwa, mwenyeji atafute usafiri wa kuwachukua.

Hatua ya 5: Fungasha kwa mpangilio wa kushuka kwa joto

Kosa la kawaida ni masweta kuwa chini ya buti, juu yake yamepangwa mabegi yote. Weka begi dogo ndani ya gari, miguuni pa abiria wa mbele: sweta la kila mtu, soksi za bibi, kofia na blanketi la mtoto, mwavuli mmoja. Vaeni Ilula, mara baada ya kumaliza Kitonga, siyo mkishaanza kusikia baridi. Nguo za mahari ziwe kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, hata kama ziko ndani ya begi, maana buti nyingi huvuja kwenye mpira wa mlango.

Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati wa kupanda Kitonga. Masikio yanaziba kwa sababu ya mwinuko, na kumeza ndiko kunayafungua. Ukitaka kuona mabadiliko hayo ya hewa kwa macho, angalia pakiti ya bisi iliyonunuliwa Morogoro: ikifika Mafinga imevimba. Na chupa tupu ya maji iliyofungwa vizuri Njombe itafika Dar imebonyea.

Hatua ya 6: Gari

Vaipa kwanza. Mpira uliopigwa jua la Dar miezi kadhaa unakauka bila mtu kujua, kwa sababu hauna kazi. Mwagia kioo maji ukiwa nyumbani, uwashe. Ukiacha michirizi, badilisha. Tairi vipara zisije huku Februari. Rejeta ijazwe asubuhi injini ikiwa baridi, na mlimani, sindano ya joto ikianza kupanda, zima kiyoyozi, tafuta mahali pana usimame, na usifungue mfuniko hadi ipoe.

Ukungu wa ndani ya kioo unawasumbua wengi. Mnaingia garini mmelowa, mnapumua, nje ni baridi, kioo kinakuwa cheupe. Kufuta kwa kitambaa kunarudisha tatizo baada ya dakika moja. Washa kiyoyozi, elekeza hewa kwenye kioo, uweke na joto. Kiyoyozi hapa hakitafutiwi baridi, kinakausha hewa. Kwenye ukungu wa nje tumia taa zilizoshushwa, kwa sababu fulu inarudi machoni mwako. Kama huoni lori la mbele kwa umbali wa kusimama salama, toka kabisa nje ya lami usubiri.

Ukija Julai

Mpango unabadilika. Mvua huna, isipokuwa manyunyu na ukungu wa Mufindi unaoletwa na upepo wa kusi, kwa hiyo siku moja inatosha kwa dereva aliyepumzika mkiwa wawili wa kupokezana. Shida ni usiku. Njombe, Makete na Mufindi umande unaweza kuganda kwenye majani. Uliza nyumba ya wageni kama ina maji ya moto na blanketi zaidi ya moja kabla ya kulipa.

Kurudi

Tokeni Njombe saa 2 asubuhi ileile. Kitonga sasa mnaishuka: ingiza gia ndogo tangu juu kabisa, na mkisikia harufu ya breki kuungua, simameni zipoe. Masweta yavuliwe kabla ya kufika Mbuyuni, na mtoto apewe kunyonya kila baada ya muda mfupi hadi Morogoro, maana joto linarudi kwa ghafla na huwa analia kwa kiu watu wakidhani ni usingizi.