Saa imeingia ukungu: cha kufanya siku hiyohiyo

Mwalimu mmoja alinijia kibandani, hapa Mombasa, na saa ya betri iliyoandikwa mita 30 mgongoni. Nje kwenye jua kioo kilikuwa safi. "Fundi, nikiingia benki tu, inaziba, hata mishale siioni." Benki kuna kiyoyozi. Na betri ya saa ile niliibadilisha mimi mwenyewe wiki mbili nyuma, kwa hiyo niliipokea kimyakimya.

Kwanza, angalia kama ni ukungu au ni matone. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Saa ikifungwa siku ya mvua, hewa hiyo inabaki ndani, na kioo kikipoa unyevu unaganda juu yake kama pumzi kwenye kioo cha dirisha. Ila hewa iliyomo ndani ya saa ni kidogo mno, haiwezi kutoa zaidi ya utando mwembamba unaoondoka saa ikipata joto. Ukiona matone, au utando mzito unaorudi kila siku, maji yanapita mahali.

Kama ni maji ya bahari, usisubiri. Mfikie fundi siku hiyohiyo, afungue, atoe betri na aoshe mashine. Chumvi haikauki ikaisha. Maji yanaondoka, yenyewe inabaki inakula chuma. Nimefungua saa zilizokaa wiki moja tu baada ya kuingia bahari, kijiti cha kinobu cha pembeni kimeshashikana kwa kutu.

Kama ni ukungu wa kawaida, ikaushe. Kausha saa kwa nje, kisha vuta kinobu cha pembeni ili hewa ipate njia. Kama ni cha kukaza kwa kuzungusha, kilegeze kwanza. Itie kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vipya na vingi. Iache usiku na mchana mzima. Mchele uachie sufuria: unakausha polepole, na vumbi lake linaingia kwenye kinobu. Usiianike juani wala kuipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele, maana joto kali linaharibu uso wa saa, na maji yanageuka mvuke unaotafuta mashine.

Ukungu ukiondoka hapo, usifurahi bado. Umetoa maji, tundu hujaziba.

Sasa ipime kwa tone. Kipimo hiki hata viwanda vinakitumia. Pasha saa hadi nyuzi 40 hivi. Mimi naiweka juu ya bati lililopashwa kwa maji ya uvuguvugu kwa muda wa robo saa, huku nikiangalia kipimajoto. Kisha dondosha tone la maji ya kawaida katikati ya kioo, subiri dakika moja, futa kwa kitambaa kikavu, tazama. Ukungu ukibaki pale tone lilipokuwa, upo upande wa ndani.

Saa ikitoka safi, itumbukize kwenye glasi ya maji kwa saa nzima, ikiwa imeshapoa na kinobu kimerudishwa ndani. Ikiwa na joto, hewa yake itasinyaa ndani ya maji na kuvuta maji kupitia raba dhaifu inayoziba mfuniko au kinobu. Ndiyo maana saa nyingi huingia maji pale mtu anapotoka juani na kujirusha baharini. Baada ya hapo rudia tone. Ukungu ukitokea safari hii, raba haizibi.

Ya mwalimu ilipita mara ya kwanza baada ya kukaushwa, ikafeli baada ya glasi. Nikafungua mfuniko. Raba ilikuwa imetoka kwenye mfereji wake upande mmoja, ikabanwa na ukingo wa mfuniko hadi ikawa bapa kama utepe, na hapohapo ina mpasuko mdogo kuliko unyweleo. Nilifunga kwa haraka siku ile.

Raba ya namna hiyo hairudishwi. Tafuta yenye kipenyo na unene uleule, ipake grisi ya silikoni kidogo, ing'ae tu, ilaze mferejini na uizungukie yote kwa jicho kabla ya kubana mfuniko. Na usikubali mtu akuzibie kwa gundi kali: mvuke wake unaacha weupe ndani ya kioo ambao hauondoki kwa kufuta. Kama raba ya mfuniko ni nzima, basi tazama ya kinobu. Kutu kwenye kijiti chake ndiyo inayokuonyesha kwamba maji yalipita hapo.

Nilirudia glasi na tone, ikatoka safi, sikumtoza kitu. Akauliza kama sasa anaweza kuogelea nayo Nyali. Hapana. Mita 30 ni kipimo cha saa mpya iliyotulia kwenye mashine ya kupimia. Mkononi maana yake ni manyunyu ya mvua na kunawa.