Somo: Kuriseti ruta hadi hali ya kiwandani, lini inafaa na nini kinafutika

Wakuu, somo hili linahusu kile kitundu kidogo kilicho nyuma ya ruta. Watu wengi wanakichokonoa mapema mno, kisha wanakaa bila intaneti mpaka fundi aje.

Ndani ya ruta kuna programu inayoiendesha na kuna setingi alizojaza mtu. Kuriseti kunafuta setingi tu. Programu inabaki ileile, hata kama uliipandisha toleo mwaka jana. Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, jiulize kama ubovu uko kwenye setingi. Kama waya wa faiba umekatika, taa ya LOS itawaka nyekundu na kuriseti hakutaunga waya. Kama bando limeisha au malipo ya mwezi yamechelewa, vilevile. Intaneti ikiwa nzito saa 2 usiku na nyepesi alfajiri, huo ni msongamano. Ruta iliyoganda inataka kuchomolewa umeme kwa sekunde 30 na kuwashwa tena, na hapo hupotezi kitu.

Hali zinazostahili kuriseti ni chache. Umesahau neno la siri la kuingilia kwenye ukurasa wa ruta. Umenunua ruta iliyotumika, au unauza yako. Mtu alibadilisha setingi nyingi na hajui alichogusa. Au unashuku ruta imeingiliwa, kwa mfano anwani za DNS, zile zinazoielekeza ruta tovuti zilipo, zimebadilika bila wewe kuziweka. Kirusi cha VPNFilter kilichogunduliwa mwaka 2018 kilionyesha kwa nini kuzima na kuwasha hakutoshi hapo: sehemu yake ya kwanza ilibaki hata baada ya ruta kuwashwa upya, na ushauri ukawa kuiriseti kabisa kisha kuweka programu mpya.

Tuchukue mfano wa TP-Link TL-WR840N iliyochomekwa kwenye kiboksi cha faiba, na akaunti ya intaneti ni ya PPPoE, yaani ruta inaingia kwa jina na neno la siri ulilopewa na kampuni.

1. Andika kwanza, bonyeza baadaye. Kama bado unaweza kuingia, fungua 192.168.0.1 kwenye brauza, nenda Network kisha WAN, yaani upande unaopokea intaneti. Piga picha ukurasa mzima. Jina la akaunti litaonekana, lakini neno la siri litakuwa nukta tu. Hapa ndipo wengi wanakwama: ukiriseti, akaunti hiyo inafutika na huwezi kuisoma popote kwenye ruta. Pigia kampuni yako ya intaneti uipate kabla, wakati bado una mtandao. Uliza pia kama wanatumia namba ya VLAN, na kama laini imefungwa kwa anwani ya MAC ya kifaa fulani.

Piga picha pia jina la waifai na aina ya ulinzi, Address Reservation kama umezipa printa au kamera anwani za kudumu, na Virtual Servers kama kuna milango uliyofungua. Vyote hivyo vinakwenda.

2. Chukua nakala. Nenda System Tools, Backup & Restore, bonyeza Backup. Faili litashuka kwenye kompyuta. Linarudi vizuri kwenye ruta ya modeli na toleo lilelile. Ila kumbuka, linarudisha kila kitu, pamoja na ubovu. Kama unariseti kwa sababu ya setingi zilizovurugwa au ruta iliyoingiliwa, usilirudishe. Jaza upya kwa mkono ukifuata zile picha.

3. Riseti. Ruta iwe inawaka. Chomoa waya unaotoka kwenye kiboksi cha faiba. Kwenye matoleo mengi ya modeli hii kitufe kimeandikwa WPS/RESET, yaani kina kazi mbili: ukikigusa kwa muda mfupi unaanzisha WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika neno la siri, na hakuna kinachofutika. Kishikilie hadi sekunde 10 huku ukiangalia taa, zikibadilika achia. Ruta zenye kitundu zinataka kipini chembamba kisicho na ncha kali. Baada ya hapo iache dakika 2 na usichomoe umeme.

Utajuaje imekubali? Jina lako la waifai litatoweka na litatokea lile lililochapishwa kwenye karatasi chini ya ruta. Jina la zamani likibaki, hukushikilia vya kutosha.

4. Ijaze upya. Tumia waya wa mtandao kutoka kompyuta ukiweza. Ukitumia simu, zima data ya simu, maana simu ikiona waifai haina intaneti inarukia data na ukurasa haufunguki. Weka neno jipya la siri la ukurasa, kisha kwenye WAN chagua PPPoE, jaza akaunti, bonyeza Save. Rudisha waya wa faiba. Fungua Status: ukiona IP ya WAN ni 0.0.0.0 baada ya dakika chache, kagua akaunti herufi kwa herufi, kubwa na ndogo.

5. Waifai. Weka jina, neno la siri na aina ya ulinzi vilevile kama zamani, na televisheni, kamera na simu zote zitaunganika zenyewe. Isipokuwa kama unariseti ili kuwaondoa watu wanaojua neno hilo, basi badilisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi sina ruta ya pembeni, ninatumia kile kiboksi cheupe cha kampuni chenye waya wa faiba. Hatua ni hizihizi?

Jibu: Hapana, hicho usikiguse kabla ya kuwapigia. Kampuni nyingine hurudisha setingi zenyewe kwa mbali mara kiboksi kinapowaka, nyingine fundi alizijaza kwa mkono siku ya kufunga. Ukiangukia kundi la pili, taa ya PON itakuwa kijani, waifai itaonekana, lakini intaneti hakuna mpaka fundi ajaze tena.

Swali: Ruta yangu ni ya laini ya simu. Nikiriseti bando langu linapotea?

Jibu: Halipotei, dada. Bando liko kwa mtandao wa simu na linahesabiwa kwa laini. Kinachoweza kufutika ni APN, jina linaloiunganisha ruta na intaneti ya mtandao wa simu, na ruta nyingi huipata zenyewe kutoka kwenye laini. Andika ya mtandao wako pembeni kwa tahadhari. PIN ya laini nayo haibadiliki, kwa kuwa imehifadhiwa kwenye laini yenyewe.

Swali: Nina MikroTik, ninauza intaneti kwa vocha. Nikiriseti vocha za wateja zinabaki?

Jibu: Watumiaji wa hotspot wanafutika pamoja na setingi nyingine. Chukua nakala hivi kabla:

```
/system backup save name=nakala
/export file=nakala
```

Kisha hamishia mafaili yote mawili kwenye kompyuta, yasibaki ndani ya ruta. Kwenye RouterOS 7, programu inayoendesha MikroTik, export haiandiki maneno ya siri mpaka uongeze `show-sensitive`. Kama vocha zako ziko kwenye User Manager, hiyo ina hifadhidata yake, ichukulie nakala peke yake. Na kitufe chake kina tabia yake: shikilia huku unachomeka umeme, taa ikianza kumetameta achia. Ukiendelea mpaka taa itulie bila kumeta, utakuwa umeiingiza kwenye hali ya CAPs, ambapo inasubiri kuongozwa na kifaa kingine, na utashangaa kwa nini haikupi ukurasa wa kawaida. Chomoa umeme, anza upya.