Somo: Mchanganuo wa kuongeza chumba kimoja, kazi kwa kazi

"Mkuu, nipigie hesabu ya kuongeza chumba." Hilo nimelijibu mpaka nimechoka, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Mfano wetu ni chumba cha mita 4 kwa 3 kwa ndani, kimeegemea nyumba ya zamani kwa upande wa mita 4. Kuta mpya ni tatu, za tofali za saruji za milimita 150, kimo mita 2.7, madirisha mawili.

1. Chora jedwali la safu sita: namba, maelezo ya kazi, kipimo, kiasi, bei ya kipimo kimoja, jumla.

2. Panga kazi kama zinavyofuatana kwenye ujenzi, kuanzia kuchimba hadi rangi.

3. Pima kuta kwa mstari wa katikati. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Ukipima kwa ndani unapata 4 + 3 + 3 = mita 10, na pembe zimeachwa nje. Ukipima kwa nje unapata 4.3 + 3.15 + 3.15 = mita 10.6, na pembe zimehesabiwa mara mbili. Katikati ya unene wa ukuta ni 4.15 + 3.075 + 3.075 = mita 10.3. Zidisha kwa 2.7 upate 27.81, toa madirisha mawili ya 1.2 kwa 1.2, yaani 2.88. Ukuta ni mita za mraba 24.93, andika 25.

Onyo: mita 10.3 ni ya ukuta, mtaro na zege la msingi tu. Plasta ya ndani inafuata mita 10, ya nje mita 10.6. Onyo la pili: mtaro mpya unaishia pale msingi wa zamani unapochomoza, kwa hiyo punguza kipande hicho kila upande. Usichimbe chini ya msingi huo.

4. Andika maelezo ambayo wakandarasi wawili watayasoma sawasawa. "Kujenga ukuta, kazi yote" ni mwaliko wa ugomvi. Andika: "Ukuta wa tofali za saruji, unene milimita 150, kwa mota ya saruji na mchanga 1:4, juu ya msingi. Mita za mraba 25." Zege na uchimbaji ni mita za ujazo, plasta na rangi mita za mraba, linta mita za urefu, madirisha idadi.

5. Jenga bei, usiikisie. Kwa mita moja ya mraba ya ukuta, jumlisha tofali pamoja na zitakazovunjika, mota, na ufundi. Fundi na msaidizi wakimaliza mita 8 za mraba kwa siku, gawanya malipo yao ya siku kwa 8. Mwisho ongeza asilimia ya gharama za uendeshaji na faida.

6. Usisahau maungio na nyumba ya zamani: kuegemeza dari na paa kwa nguzo za muda, kutoboa mlango na kuweka linta, kuunganisha tofali mpya na ukuta uliopo, kubandua plasta ya zamani, na kuziba mvua pale paa jipya linapokutana na ukuta. Kila moja iwe na mstari wake. Ukizificha ndani ya "ukuta", mkandarasi atazidai baadaye kama kazi za ziada.

MASWALI

Mjumbe wa kwanza: Mkuu, naomba jumla ya pesa tu, chumba kama hicho hicho.
Jibu: Hatua ya 5. Bei za tofali na fundi wa kwako unazijua wewe.

Mjumbe wa pili: Udongo ukichimbwa unavimba. Kwenye kubeba kifusi niandike kiasi kikubwa kuliko cha kuchimba?
Jibu: Swali zuri sana, ndugu. Hapana, kiasi kinabaki cha shimo lenyewe kabla udongo haujalegea, na uvimbe unaingia kwenye bei ya kubeba. Ukiongeza kote kuwili, mwenye nyumba analipa mara mbili. Toa pia udongo utakaorudishwa kufukia mtaro, huo haubebwi.

Mjumbe wa tatu: Fundi wangu anatoza kwa tofali, si kwa mita. Jedwali lako halifai.
Jibu: Linafaa. Tofali yenye uso wa milimita 450 kwa 225, na mota ya milimita 10, inaingia karibu 9.25 kwa mita ya mraba. Ukihesabu na zinazovunjika chukua 10, hivyo ukuta wetu unakula takriban 250. Zidisha malipo yake ya tofali moja kwa 9.25, si kwa 10, maana tofali iliyovunjika hajaijenga.

Mjumbe wa pili: Na nikigundua ukuta wa zamani hauko wima?
Jibu: Pima unene wa plasta juu, katikati na chini kabla ya kuandika kiasi. Kama kuna sehemu itahitaji zaidi ya milimita 20, weka mstari wake wa "kusawazisha kwa tabaka mbili", kwa mita za mraba, na bei yake tofauti.