Kesho ni mtihani wa vitendo: wali, rosti ya kuku na mchicha kwa majiko ya Mbeya

Haya ni maneno niliyowaambia wanafunzi wangu wa upishi jioni ya kuamkia mtihani wa vitendo. Nimeyaweka kwa hatua ili na waliokosa kikao wayapate.

Hatua ya 1: Panga saa kwa kurudi nyuma

Tuseme mnaanza saa 3:00 na mtahini anataka sahani mezani saa 6:00. Usianze kuhesabu kutoka saa 3:00, anzia saa 6:00 urudi nyuma. Kupakua saa 5:50. Mchicha jikoni saa 5:40, si mapema zaidi, maana ukikaa unageuka rangi. Mchele jikoni saa 5:00, kwa hiyo uloweke saa 4:30. Kuku saa 4:00. Ukiletewa wa kienyeji badala ya wa kisasa, yeye ndiye aanze kabla ya kitu chochote. Iandike ratiba hiyo uibandike mbele yako.

Hatua ya 2: Meza

Ubao wa nyama mbichi peke yake, wa mboga peke yake. Mikono mnajua.

Hatua ya 3: Wali

Hapa ndipo watu wanapoangukia, na wengi ni waliojifunzia kupika Dar. Mmoja wenu aliniuliza, "Mwalimu, mbona nyumbani wali ule ule ulikuwa unaiva mapema?" Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Yakishachemka hayapandi tena hata ukifungua gesi yote. Yanakauka tu haraka zaidi. Ndiyo maana mtu anakuta maji yameisha na punje bado ina kiini.

Fanyeni hivi. Vikombe 2 vya mchele wa Kyela, oshea taratibu, loweka nusu saa, chuja. Chemsha vikombe 3 vya maji na chumvi na mafuta kidogo, mimina mchele, koroga mara moja tu. Yakirudi kuchemka punguza moto na ufunike. Tumieni sufuria nzito ya alumini yenye mfuniko unaobana. Zile nyepesi za kung'aa sizitaki kwenye wali, zinaunguza chini huku juu bado kubichi. Na kando ya jiko iwepo birika ya maji yanayochemka. Siyo ya moto kiasi, yanayochemka, kwa sababu maji ya baridi yanausimamisha wali katikati ya safari.

Maji yakikauka juu, weka moto wa chini kabisa, dakika 20. Kwenye mkaa ungepalia makaa juu ya mfuniko. Kwenye gesi, tandika kitambaa safi chini ya mfuniko na ukunje ncha zake juu, mbali na moto. Kisha chukua punje moja uibonyeze kwa vidole. Ikiwa na chembe nyeupe ngumu katikati, nyunyiza vijiko vitatu vinne vya maji ya birika, funika, subiri dakika 5 hadi 10. Usikoroge, ukikoroga unapata bokoboko. Ikiwa laini lakini chini kuna majimaji, toa mfuniko uache moto mdogo uyakaushe. Mwisho zima, acha dakika 10 bila kufunua, ndipo uchambue kwa uma.

Ukiwa na shaka na dakika, ziongeze. Wali ulioiva mapema unasubiri ndani ya sufuria iliyofunikwa, usioiva hausubiriki.

Hatua ya 4: Kuku

Kukaanga vitunguu hakuna tofauti na pwani, mafuta hayafungwi na kikomo cha maji. Rosti ikishaingia nyanya na mchuzi ndipo uongeze muda. Kipimajoto kisome nyuzi 75 ndani ya paja, pale penye nyama nene, bila kugusa mfupa. Na kabla ya hapo kihakiki kwa maji yenye barafu nyingi, kisome 0. Msikihakiki kwa maji yanayochemka: kikisoma 94 utadhani kimeharibika, uanze kubishana na kifaa kizima.

Hatua ya 5: Mchicha

Moto mkali, dakika chache, chumvi mwisho.

Hatua ya 6: Kupakua

Asubuhi za huku mnazijua, hasa Juni na Julai. Sahani ya kabatini ni baridi kama jiwe la mtoni na inapoza wali kabla mtahini hajashika kijiko. Saa 5:40 zitumbukize kwenye maji ya moto, zifute zikauke kabisa, ndipo mpakue. Wali kwanza, kuku, mchicha pembeni, mchuzi mwisho na usiguse ukingo wa sahani.

Birika za kesho ziko nne tu, kwa hiyo wawili wawili. Kubalianeni leo nani anachangia na nani.