Somo: Vipele vya wembe shingoni na weusi wake, tushughulikie unywele kwanza krimu baadaye

Assalam aleikum wote. Pale kinyozini Langoni naulizwa sana kuhusu vile vipele vinavyotoka chini ya taya na shingoni mtu akishanyoa, na ule weusi unaobaki, na karibu kila mtu swali lake ni moja tu, ati nipake nini. Mimi nasema krimu ije mwisho, manake shida yenyewe ni unywele uliokatwa chini kupita kiasi, na ukiendelea kuukata hivyo hakuna krimu itakayokusaidia.

Nywele zetu nyingi zimejikunja toka ndani ya ngozi. Ukiukata unywele wa aina hiyo kwa wembe, ncha inabaki imechongoka kama mwiba wa tasi, halafu unavyokua unapinda na kurudi kuchoma ngozi pembeni. Hiyo ni njia moja. Ya pili ni mbaya zaidi: ukivuta ngozi iwe imekaza, ama ukitumia ile nyembe ya makali matatu manne, unywele unavutwa juu kidogo, unakatwa, halafu unazama chini ya ngozi, na ukianza kuota tena unatoboa ukiwa humo humo ndani bila hata kutoka nje. Mwili unauona ni mgeni, unapigana nao, panavimba, panawasha, saa zingine panatoa usaha. Na ngozi nyeusi kila ikivimba inaacha rangi. Kwa hivyo yale madoa ni alama ya uvimbe uliopita, uvimbe usipokoma madoa hayakomi.

Kuna kijana wa boti, anabeba abiria Lamu na Mokowe, nitamtumia yeye kama mfano kwa sababu alikuwa na kila kitu. Kila Alhamisi usiku ananyoa kujiandaa na Ijumaa, wembe wa makali matatu, anapandisha kutoka kooni kwenda kidevuni, ngozi ameivuta kwa mkono wa pili, akimaliza anajipiga spiriti, na asubuhi anasugua ndimu kuondoa weusi kisha huyo anaingia baharini kwa jua. Shingo ilikuwa imejaa vipele hadi kola ya kanzu inamuumiza. Nikamulika na taa ya simu, kwenye vipele kadhaa unaona wazi kijiuzi cheusi kimepinda ncha zote mbili zimezama. Ukiona hiyo basi umeshajua ni nini.

Hatua ya 1: acha wembe wiki 4 hivi. Najua hamtaki kusikia. Lakini unywele ukirefuka hadi kama sentimita 1 unajichomoa wenyewe, ule mvuto wa kurefuka ndio unaoutoa. Wiki ya kwanza ama mbili vipele vinaweza kuonekana vimezidi, hapo ndio wengi wanakata tamaa na kurudia wembe. Yule kijana hakuweza kukaa na ndevu ndefu kazini kwa hivyo tulimpunguza kwa mashine tu, yenye kichana, hakuna kugusa ngozi. Hiyo inakubalika, ila nafuu inachelewa kidogo.

Hatua ya 2: toa zile zilizozama, usizing'oe. Chovya kitambaa kisafi kwenye maji ya moto kiasi, kamua, weka shingoni dakika 5 hadi 10. Halafu chukua sindano uliyoisafisha kwa spiriti, ipitishe chini ya lile tao la unywele na uinue ncha itoke nje. Basi, iache hapo. Ukiung'oa kwa kikoleo utafurahi siku mbili tatu, kisha unywele mpya unaota kutoka chini na unatoboa pembeni tena. Na usichimbe, kama huoni unywele juu ya ngozi achana na hicho kipele, kesho kipo.

Hatua ya 3: ukirudi kunyoa, acha milimita 1. Hii ndiyo roho ya somo. Mashine ya kunyolea ikiacha kama milimita 1 unywele hauzami na haujapata urefu wa kupinda kurudi. Kwa mbali unaonekana umenyoa, kwa karibu mkono unahisi mikwaruzo, na hiyo mikwaruzo ndiyo kinga yako. Mwenye kutaka shingo laini kama ya mtoto ajue bei yake ni vipele.

Ambaye lazima wembe, basi afanye hivi: anyoe baada ya kuoga, maji ya uvuguvugu, apake jeli ama povu la kunyolea na aliache dakika 5 nywele zilainike. Wembe uwe wa makali mamoja. Kabla hajaanza apitishe kidole shingoni kavu kavu, upande ambao kidole kinateleza ndio unywele unakolala, na shingoni hazilali upande mmoja, wengine kulia zinashuka kushoto zinapanda, ama zinazunguka chini ya koo. Unyoe kufuata hapo zinapolala, usivute ngozi, usikandamize, usirudie mara mbili palepale, na kila mpapaso suuza wembe. Wembe ukianza kuvuta badala ya kukata, utupe. Ukimaliza maji baridi, kisha mafuta mepesi yasiyo na manukato. Spiriti kwenye shingo iliyovimba inachoma na kukausha, vipele haizuii.

Hatua ya 4: sasa ndio krimu. Duka la dawa ulizia benzoili peroksaidi, anza na ya asilimia 2.5 ama 5, kidogo tu, mara moja kwa siku. Inatuliza vile vipele vyenye usaha. Itakausha ngozi kiasi, na tahadhari inapausha nguo, kanzu nyeupe haina neno lakini foronya na kikoi cha rangi kitaharibika. Usiku wengine wanatumia adapalini, nyembamba kabisa, na mwanzo usiku mmoja mmoja kwa kuruka manake inawasha. Kwa madoa yenyewe, asidi ya azelaiki ni nzuri, inasaidia vipele na weusi pamoja. Zote hizi zinataka miezi, sio siku. Na jua la huku mnalijua, sanskrini ya SPF 30 kwenda juu kwa mtu wa baharini, ama angalau kitambaa shingoni, la sivyo utakuwa unafuta na jua linaandika.

Yule kijana vipele vilianza kukauka mwezi wa pili. Weusi bado upo, umepungua pembeni, chini ya taya bado. Hiyo ni kawaida, madoa mengine yanachukua nusu mwaka hadi mwaka na zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama wa Shela: Ami, na shabu je? Babu yetu alikuwa akijisugua nayo kila akinyoa na hakuwa na kipele hata kimoja.*

Shabu inakaza ngozi na kusimamisha damu pale ulipojikata, haina ubaya kama ngozi yako inaivumilia. Lakini haizuii unywele kupinda. Babu pengine nywele zake zilikuwa zimenyooka, ama alikuwa anatumia wembe mmoja kwa mkono mwepesi, ulizia nyumbani.

*Mwanachama wa Malindi: Ndimu umeitaja tu ukapita, kwani ina nini? Mimi naichanganya na liwa.*

Liwa peke yake sina neno nayo kama haikuwashi. Ndimu ndiyo tatizo. Maji yake yakikaa kwenye ngozi kisha ukapigwa na jua yanaunguza, saa nyingine hadi malengelenge, na pakipona panabaki peusi kuliko ulipoanza. Umeona watu wanaokamua ndimu nyingi juani mikono inavyotoka mabaka. Sasa wewe unaipaka shingoni makusudi.

*Huyo huyo: Na ile krimu ya tyubu inayouzwa na wale wa vipodozi, inang'arisha kwa wiki moja?*

Kinachong'arisha kwa wiki moja mara nyingi ni steroidi kali, klobetasoli ama betamethasoni, ama haidrokwinoni, ama zebaki. Steroidi kali inashusha uvimbe haraka kwa hivyo unaipenda, baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi mpya zinatoka, na ukiacha kila kitu kinarudi na hasira. Soma kiungo kwenye boksi. Kama boksi halitaji kilichomo ndani, liache dukani. Haidrokotisoni ya asilimia 1 siku chache kwa muwasho mkali ni jambo jingine, hiyo ni dhaifu, lakini nayo si ya kupaka kila siku mwaka mzima.

*Mwanachama wa kike, hakutaja mji: Kaka, sisi je? Natoa nywele za kidevuni kwa uzi, nina vipele hivyo hivyo na weusi. Tena ninanyonyesha.*

Dada, ni kitu kilekile, uzi ukikatikia unywele ndani unaota umepotea njia. Acha kwa muda, kata kwa mkasi mdogo ama ile mashine ndogo ya nyusi bila kugusa ngozi. Kwa kuwa unanyonyesha usijianzishie dawa mwenyewe, mwambie mfamasia hali yako kwanza, na adapalini hata siku ukiacha kunyonyesha haifai ukiwa na mimba ama unapanga kupata. Na kama nywele za kidevuni zimeongezeka ghafla, ama hedhi inaruka ruka, mwone daktari akupime homoni, hapo shida haiko kwenye uzi.

*Mwanachama wa Mkomani: Kinyozi wangu ananichonga laini ya ndevu kwa wembe. Nimwambie nini?*

Mwambie laini aitoe kwa mashine isiyo na kichana, asiikandamize, na chini ya laini akuachie milimita 1. Akisema haitaonekana safi mwambie ndio unavyotaka. Na wembe ukitumika lazima uwe mpya, aufungue mbele yako, kwa sababu homa ya ini ya B inapita kwa damu kidogo tu usiyoiona.

*Mwanachama wa Mpeketoni: Mimi viko kisogoni, vigumu, vimeungana vimekuwa donge. Sindano naweza kutumia?*

Hapana ndugu yangu, wewe usiguse. Donge gumu kisogoni linaweza kuwa kovu linaloendelea kukua, na kila ukilichokonoa linaongezeka. Acha kunyolewa kisogo hadi chini, hata kwa mashine, na nenda hospitali, mara nyingi wanadunga sindano ya steroidi kwenye kovu lenyewe na ukiwahi mapema linashuka vizuri zaidi. Nenda pia wewe mwenye vipele vinavyosambaa hadi pale wembe haufiki, ama vinatoa usaha mwingi na homa, ama una baka la duara linalowasha na nywele zake zinang'oka kirahisi. Hilo la mwisho huwa ni fangasi, linataka dawa ya kumeza, na benzoili peroksaidi utapaka hadi uchoke.