Kupanga choo na sinki la kunawia mikono kwa shule ndogo: anza na mtaro, si na bomba

Mfano wetu ni shule ya msingi ya kutwa nje kidogo ya Busia, upande wa Uganda: wasichana 130, wavulana 110, walimu wanane. Kiwanja kinashuka kutoka madarasani kuelekea nyuma, na choo ni cha shimo lililojengewa kwa matofali, linalonyonywa na gari likijaa. Choo cha kuvuta maji sikishauri hapa, maana maji ya paa hayatatosha.

Hatua ya 1: Hesabu matundu

Kiwango cha taifa ni tundu moja kwa wanafunzi 40. Kwa wasichana 130 inatoka 3.25, yaani matundu manne. Sasa jaribu hiyo nne kwenye mapumziko ya dakika 20. Nusu ya wasichana wakienda choo, 65, na kila mmoja akachukua dakika mbili, unahitaji dakika 130 za mlango. Ukigawanya kwa 20 unapata sita na nusu. Kwa hiyo mimi hujenga sita kwa wasichana, moja likiwa pana, lenye mlango wa sentimita 90, kishikio ukutani, ndoo na mahali pa kubadilishia pedi. Wavulana wapewe matatu, moja likiwa pana vilevile, pamoja na ukuta wa kukojolea wa mita 2.4. Walimu wapate mawili, la wanawake na la wanaume.

Hatua ya 2: Hesabu mabomba na maji

Kabla ya chakula wote 240 wananawa. Mtoto mmoja huchukua nusu dakika pamoja na kusukumana, kwa hiyo ni dakika 120 za bomba. Ukitaka waishe ndani ya dakika 20, ni mabomba sita. Yapange kila sentimita 60, na sinki la zege litakuwa na urefu wa mita 3.6.

Kunawa mara mbili kwa siku, lita moja kila mara, ni lita 480. Ongeza za kuosha sakafu, weka 600. Tangi la lita 10,000 litakupeleka siku 16 za shule, wiki tatu hivi. Paa la darasa la mita 8 kwa 21 lina mita za mraba 168. Mvua ya milimita 20, ukitoa inayopotea, inaleta kama lita 2,700. Wiki moja ya shule inataka lita 3,000. Kwa hiyo Machi hadi Mei utapumua, ila Februari shule inapofunguliwa tangi likiwa tupu, panga bajeti ya maji ya kununua.

Koki za kubonyeza zinazojifunga zenyewe usinunue. Nyingi zinataka presha ambayo tangi la chini halina. Chukua koki ya kawaida ya kugeuza robo mzunguko.

Hatua ya 3: Paipu ya kuleta maji

Kosa linaloonekana kila mahali: tangi limekaa pembeni mwa darasa, na mabomba yako hapohapo ukutani. Mfereji wa paa uko mita 2.6 kutoka chini na tangi lina kimo cha mita 2, kwa hiyo jukwaa lake haliwezi kuzidi nusu mita. Koki iko sentimita 85. Maana yake maji yaliyo chini ya kimo cha koki hayatoki kamwe, na mwalimu atasema tangi linavuja wakati bado lina sentimita 35 za maji ndani.

Shusha sinki. Kwenye kiwanja chetu, mita 30 kutoka kwenye tangi ardhi imeshuka mita 1.2. Sasa hata tangi likikaribia kuisha, kutoka tundu lake la kutolea maji hadi koki kuna karibu mita moja ya kimo. Mita moja ni presha ndogo sana, na hapo paipu ndiyo inayoamua. Paipu nyeusi ya robo tatu ya inchi ikibeba lita 18 kwa dakika (mabomba sita, lita tatu kila moja) kwa mita 30 hupoteza zaidi ya mita moja na nusu. Haiwezekani, koki ya kwanza itatoa, ya sita itadondosha. Ya inchi moja hupoteza kama sentimita 40. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko gharama ya kuchimbua tena.

Hatua ya 4: Maji machafu, hapa usikimbie

Kwanza: maji ya kunawia hayaendi kwenye shimo la choo. Lita 480 kila siku zitalijaza haraka na mtalipia gari la kunyonya maji matupu. Yachimbie mtaro wake wa kokoto, yanyonywe na udongo.

Udongo wa tifutifu wenye kichanga hunyonya kama lita 25 kwa siku kwa kila mita ya mraba ya ukuta. Lita 480 zinataka mita 19 za mraba. Shimo la duara la kipenyo cha mita 1.2 lingehitaji kina cha mita tano, ambacho katika bonde kinaweza kugusa maji ya ardhini. Mtaro wa mita 10 wenye kokoto za kina cha mita moja unakupa mita 20 za mraba kwa kuta zake mbili. Ndiyo maana sichimbi shimo la duara. Chini ya mtaro pabaki angalau mita 1.5 hadi maji ya ardhini (chimba shimo la majaribio mvua zinapoisha, Mei au Novemba, si Januari), na kisima kiwe mita 30 au zaidi. Udongo wa mfinyanzi ukiwepo, ongeza urefu maradufu au zaidi.

Sasa vimo. Vipange kuanzia mtaroni kurudi kwenye sinki, kabla ya zege lolote kumwagwa. Sakafu wanaposimama watoto mbele ya sinki iwe sifuri. Kitako cha ndani cha sinki kinaanza sentimita 50 juu, na upande wa kutolea ni sentimita 43 juu, kwa sababu kinashuka sentimita 7 kwa urefu wote. Maji yanaingia kwenye chemba ya kunasia mchanga sentimita 20 chini ya sifuri, yanatoka sentimita 25 chini. Kutoka hapo ni mita 10 kwa mteremko wa 1 kwa 40, yaani sentimita 25, na paipu inaingia mtaroni ikiwa sentimita 50 chini. Ardhi pale ikiwa imeshuka sentimita 40, paipu itafunikwa na udongo wa sentimita chache tu na itavunjwa na jembe. Katika hali hiyo funika kwa mawe, au sogeza mtaro ukae kwenye ardhi isiyoshuka sana.

Fundi anayeanza na sinki na kumalizia na mtaro hugundua mwishoni kwamba mteremko umeisha. Kisha humwinua mtoto au sinki. Sinki likiinuliwa sentimita 20, mtoto wa darasa la kwanza hafiki koki. Ukingo ubaki sentimita 70, na kwa wadogo inua sakafu yao sentimita 15 upande mmoja.

Pima vimo kwa mpira unaoonyesha maji ndani. Kabla ya kusoma, hakikisha hakuna kiputo cha hewa ndani. Kiputo kimoja kilichojificha kwenye mkunjo hudanganya kwa sentimita kadhaa, na mteremko wako wote ni 25. Shika ncha mbili pamoja: maji yasipolingana, toa hewa upya.

Chemba ya mchanga iwe na kina cha sentimita 30 chini ya tundu la kutokea, na kifuniko anachoweza kuinua mlezi wa choo. Ndani yake utakuta mchanga wa uwanjani, punje za mahindi na vipande vya sabuni. Isipokuwepo, vyote hivyo huingia kwenye kokoto na mtaro huziba. Dalili ya mtaro unaoziba ni udongo unaobaki mbichi juu yake siku za jua, au sinki linalochelewa kukauka.

Mkojo upewe mtaro wake mdogo. Ndizi au mapapai yapandwe kando, si juu.

Hatua ya 5: Mahali

Sinki likae kati ya milango ya choo na madarasa, njiani, ili kurudi ni lazima kulipita. Gari la kunyonya lipate njia ya kufika nyuma ya shimo.